Lita Tatu Juu ya Jabali

Mabeseni mawili ya bluu yalikuwa ya Mzee Chenge, jirani. Madumu yalikuwa ya mafuta ya kula. Ndoo ndogo ziliingia nyumbani na rangi ya ukuta, ukuta ukapakwa upande wa barabarani tu, ndoo zikabaki. Hakuna chombo hata kimoja kati ya hivyo kilichowahi kuota kwamba siku moja kitaitwa kifaa cha maabara. Lakini Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, kabla ya kengele ya shule, Kashindye na rafiki yake Awuor walivipanga kwenye jabali nyuma ya nyumba ya Bibi Minza, mzaa mama wa Kashindye aliyeishi naye, huko Nyegezi juu, ambako mtu hajengi anapotaka bali jabali linapomruhusu.

Vyombo vilikuwa vya maumbo matatu, na kila umbo pacha. Beseni, mdomo mpana na ubavu wa kulala. Ndoo, iliyosimama wima. Dumu, tumbo kubwa na mdomo wa kuingia vidole viwili. Pacha wa kwanza alikaa juu ya jabali, juani. Pacha wa pili alikaa chini, pale jabali lilipojitokeza kama ukingo wa kofia na kuweka kivuli kutwa nzima. Kila chombo kilipewa lita tatu za maji ya bomba, hakuna upendeleo, zimepimwa kwa silinda ya plastiki waliyoazimwa shuleni. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo na ya kuchosha: kila siku saa moja asubuhi, mimina maji ya kila chombo kwenye silinda, soma, andika, rudisha hadi tone la mwisho, chombo kirudi palepale. Mpaka Jumamosi.

Mradi ulikuwa wa walimu wawili. Mwalimu Okech wa Fizikia alitaka kujua umbo la chombo na joto la jua vinafanya nini. Madam Evelina wa Jiografia alitaka waeleze kwa nini ziwa, ambalo ni beseni la Mungu, linapoteza maji mengi hivyo kwenda juu. Ila kilichowanyima wanafunzi usingizi kilikuwa kingine. Maabara ya shule yao ilikuwa na viti thelathini, na wa kidato cha tatu waliotaka Fizikia walikuwa arobaini na mmoja.

"Wewe Kashindye uko mlangoni," Mwalimu Okech alimwambia. "Mtihani wako wa mwezi wa kwanza nimeusoma nikasikitika. Mradi huu ndio utakaokuingiza ndani au kukutoa nje."

Kashindye hakutaka kutoka nje. Aliwahi kumwona dada mmoja wa hali ya hewa kule uwanja wa ndege, akisoma chombo cha mvua na kuandika kwenye daftari, akaambiwa kwamba yule dada analipwa mshahara kwa kutazama mawingu. Tangu siku hiyo hakuona kazi nyingine duniani.

Awuor naye alikuwa mlangoni. Ndiyo maana walichaguana, ingawa wangechaguana hata bila hivyo. Walikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Awuor alitoka Mara, akaishi kwa shangazi yake upande wa Butimba, na siku ambazo shangazi alisahau kwamba mtoto wa kaka yake ana tumbo, alikula kwa Bibi Minza. Alikula vizuri, na alichekesha wakati wa kula, na bibi alimpenda kwa yote mawili.

Masharti alitoa Kashindye mwenyewe.

"Bibi, usiguse."

"Nisiguse nini?"

"Chochote kilichoko kwenye jabali."

"Hata mabeseni ya watu?"

"Hasa hayo."

"Basi nitafulia kwenye kijiko," alisema Bibi Minza, akaenda kuwafungia kuku bandani kabla hajaambiwa, maana alijua sharti linalofuata.

Jumanne asubuhi walipima kwa mara ya kwanza, wote wawili wamechuchumaa, Awuor akisoma silinda na Kashindye akiandika. Beseni la juani lilikuwa limebaki na mililita elfu mbili mia nne themanini. Mia tano na ishirini zimepaa kwa siku moja. Ndoo ya juani imepoteza mia na sabini. Dumu, kumi tu. Kivulini beseni limepoteza mia mbili na arobaini, ndoo themanini, na dumu kiasi cha kijiko cha chai ambacho waligombania kama kipo au hakipo.

"Maji yaleyale, jua lilelile," alisema Awuor. "Dumu halijui hata kama kumekucha."

"Mvuke wake unatokea wapi, na mdomo ni huo? Umejaa humo ndani unajisonga."

"Andika hivyohivyo. Mwalimu atakupa kiti mpaka cha kwake."

Walikuwa bado wanacheka simu ilipolia. Baba mkubwa wa Kashindye amefariki Sengerema. Mama yake yuko njiani tayari, na yeye asafiri na pantoni ya saa nne pamoja na shangazi zake. Msiba ni msiba. Bibi Minza miguu yake ilikuwa haipandi tena pantoni, akabaki.

Kashindye aliomba ruhusa shuleni, akarudi kuchukua nguo na khanga ya kujifunika, akamkuta Awuor kando ya jabali.

"Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi," Kashindye alisema, akihesabu kwa vidole. "Saa moja. Usichelewe, kila siku iwe saa ileile. Na ukirudisha beseni, kile kijiwe cha upande wa chini kisisogee, litalala."

"Shosti, nenda kamzike baba mkubwa. Maji niachie mimi."

"Kweli?"

"Kashindye. Nimewahi kukuangusha?"

Hakuwahi. Kashindye alivuka ghuba akiwa na huzuni moja tu moyoni, ya msiba.

*

Alirudi Jumapili mchana, sauti imemkauka kwa kuimba na kulia. Jabali lilikuwa tupu. Vyombo vimepangwa nyuma ya banda la kuku, kimoja ndani ya kingine, vimefunikwa gunia. Chumbani alikuta chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu, aliyonunua sokoni na kuitumia mara mbili tu, imebaki utando chini.

"Bibi, nani kagusa rangi yangu?"

"Rangi gani?" alisema Bibi Minza, na kuinama kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Awuor alikuja kupima?"

"Watu walikuja asubuhi," alisema bibi. "Pole na safari. Kula."

Kashindye akala. Kuhusu rangi alimhisi Awuor, akamsamehe hapohapo. Rafiki akikupimia maji siku nne, kucha zake ziwe nyekundu, ni haki yake.

Awuor alifika jioni mapema, ametoka kanisani, ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Kucha zake hazikuwa na rangi yoyote, lakini Kashindye hakuzitazama. Alitazama namba. Zilikuwa nzuri. Beseni la juani limepoteza mia tano na ishirini Jumatano, mia tano na ishirini Alhamisi, na vivyo hivyo mpaka Jumamosi. Ndoo mia na sabini, mia na sabini. Namba zilitembea kama wanafunzi wa paredi.

"Zimetii," alisema Kashindye.

"Zilikuwa zinaniogopa."

"Bibi alikusumbua?"

"Bibi? Kila siku chai na kiazi. Mpaka nilitamani mradi uwe wa mwezi."

Kashindye, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani, alinakili yote kwenye ripoti kwa mkono wake, akapiga mistari kwa rula, akachora mchoro wa mistari sita iliyonyooka kama nyaya za umeme. Juu ya jalada akaandika majina mawili. Alipomaliza, Awuor alichukua karatasi yake.

"Nyuma yake kuna namba za simu za shangazi," alisema, akaikunja tena mara nne.

*

Jumanne Mwalimu Okech aliwaita maabara. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. Ripoti ilikuwa mezani. Kando yake alikaa Madam Evelina na daftari jembamba lenye jalada lililoliwa na mende.

"Kashindye. Jumatano iliyopita mvua ilinyesha kuanzia saa tatu mpaka saa tisa. Darasani hatukusikilizana kwa bati. Madam, ilikuwa ngapi?"

"Milimita nane," alisema Madam Evelina, bila kufungua daftari. "Nilisoma Alhamisi asubuhi mwenyewe."

"Sasa beseni hili," Mwalimu Okech aliweka kidole kwenye jedwali, "lilikuwa juani, juu ya jabali, halina paa. Mvua imelinyeshea kwa saa sita nzima. Alhamisi asubuhi limepungua mililita mia tano na ishirini. Sawasawa na siku ya jua kali. Nifundishe. Miaka kumi na minane nafundisha Fizikia, hili sijaliona."

Kule Sengerema hapakudondoka hata tone. Mvua za ziwa zina ubaguzi, zinanyesha kwa huyu na kumruka yule. Kashindye hakujua. Alimgeukia Awuor, taratibu, kama mtu anayegeuka kumpisha mwenzake aeleze.

Awuor alikuwa anatazama sakafu.

"Na beseni lina ubavu wa kulala," Mwalimu aliendelea. "Maji yakishuka, uso wake unakuwa mdogo. Uso ukiwa mdogo, yanayopaa yanapungua. Lazima. Hapa hayapungui, yana mshahara wa mwezi. Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu," alisema Kashindye.

"Wiki iliyopita ulikuwa wapi?"

"Msibani. Sengerema."

"Nina barua yako ya ruhusa. Kwa hiyo hukuwepo, lakini umepima." Akamgeukia mwingine. "Awuor?"

Hapo palikuwa na kimya cha kutosha kumeza mate mara moja. Kashindye alikumbuka kimya hicho kwa muda mrefu baadaye, kwa sababu ndani yake alikuwa bado ana rafiki.

"Vyombo viko kwao, mwalimu," alisema Awuor. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya adabu. "Nilitaka kupima mimi. Akasema nisihangaike kutoka Butimba, bibi yake angempimia. Jumapili nimekuta ameshaandika."

"Awuor," alisema Kashindye.

"Ulisema hivyo."

"Awuor."

Mwalimu Okech aliwatazama wote wawili, kisha akafunga ripoti.

"Viti vimebaki viwili. Aliyetunga namba hizi hatakaa kwenye kimojawapo. Kashindye, mwandiko ni wako na vyombo ni vyenu. Kesho saa nne uniletee kitu kinachoweza kushikwa. Machozi usilete, yanapaa."

*

Alimpata Awuor nyuma ya tangi la maji la shule, anakula karanga kama siku yoyote.

"Kwa nini?"

Awuor alimwangalia, akasogea kumpisha kwenye kivuli, kwa mazoea tu. Kashindye hakukaa.

"Kwaya ilikuwa na mazoezi asubuhi wiki nzima," alisema Awuor. "Saa kumi na mbili na nusu. Tunaenda kuimba Musoma, na mimi ndiye naanzisha nyimbo. Nisingeweza kuwa Butimba na kwenu saa ileile."

"Ungeniambia. Ningeahirisha. Tungeanza wiki nyingine."

"Ungekasirika."

"Uliziandika lini?"

Awuor alichagua karanga moja, akaimenya.

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Ileile. Nimekuona umeondoka, nikakaa pale kwenye jabali, nikatoa mia tano na ishirini mara nne. Pantoni yako haijafika ng'ambo nilikuwa nimemaliza. Ningejuaje kama mvua itanyesha? Na iliponyesha, sikuikumbuka karatasi."

Kashindye aliona aibu isiyokuwa yake. Wakati yeye anatazama maji ya ghuba na kumshukuru Mungu kwa rafiki, rafiki alikuwa anafanya hesabu ya kutoa.

"Na leo mbele ya mwalimu?"

"Leo niliogopa. Baba akisikia nimetolewa Fizikia atanirudisha nyumbani nikauze dagaa. Wewe una bibi. Una kwenu. Na ulikuwa msibani, nikajua watakuonea huruma." Aliramba chumvi kidoleni. "Halafu wewe hukasiriki, Kashindye. Miaka yote hii sijawahi kukuona umekasirika. Ingekuwa Precious au Selina nisingethubutu."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Alichaguliwa kwa upole wake, kama mtu anavyochagua mbuzi asiyepiga kelele.

"Karatasi iko wapi?"

"Nimewashia jiko," alisema Awuor. "Samahani." Na alionekana kweli anasikitika, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko yote.

*

Kashindye alifika nyumbani akamkuta Mzee Chenge anapanda jabali na dumu la lita ishirini begani, anahema kama mashine ya kusaga, na Bibi Minza amekaa kizingitini anamhesabia ngazi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Usinisemeshe, nikijibu napoteza pumzi."

"Bibi, kwa nini babu anatubebea maji?"

"Ana moyo mzuri," alisema Bibi Minza.

"Moyo mzuri gani?" Mzee Chenge alitua dumu. "Nimedhulumiwa. Muulize bibi yako. Mungu mwenyewe aliongeza maji kwenye beseni, bado anasema ameshinda."

Kashindye alisimama.

"Beseni gani?"

Bibi Minza alijifuta mikono kwenye khanga ingawa ilikuwa mikavu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi ya mtu mwingine, kwamba Jumanne ile, mjukuu alipoondoka, huyu mzee alikuja kuona mabeseni yake yanateswaje. Akasema watoto wa siku hizi wanapoteza muda: maji ni lita tatu kila chombo, jua ni moja, basi yatakwisha siku moja. Yeye bibi, aliyeanika dagaa miaka thelathini ufukweni, akamwambia dagaa ukizitandaza zinakauka leo, ukizirundika zinaoza kesho, na maji hayana akili kuliko dagaa. Beseni litatangulia. Wakawekeana dau: atakayeshindwa ampandishie mwenzake maji wiki nzima.

"Sasa mzee huyu simwamini," alisema bibi.

"Na mimi bibi huyu namjua," alisema Mzee Chenge.

"Ikabidi tuwe na alama. Kila asubuhi, jua likifika mlangoni, tunapanda wote wawili, tunaweka alama maji yalipofika. Mkaa ungefutika."

Kashindye alikuwa ameanza kuelewa, miguu ikaelewa kabla yake. Alikimbia nyuma ya banda, akafunua gunia.

Ndani ya beseni, ubavuni, kulikuwa na vitone vyekundu. Kitone kimoja. Mahali pengine viwili. Vitatu. Vinne. Ndoo hivyohivyo. Madumu yalikuwa na vitone kwa nje, kwa kuwa maji yalionekana kupitia plastiki, vimebanana pamoja kama watoto wanaoogopa.

"Kimoja ni Jumatano," alisema Bibi Minza nyuma yake. "Viwili Alhamisi. Shule yenyewe niliishia darasa la nne, lakini mpaka nne nahesabu."

"Na vya kivulini?"

"Rangi ilikuwepo," alisema bibi. "Iliyobaki nilipaka miguu." Alivuta khanga kidogo. Kweli, vidole kumi, vyekundu.

"Bibi." Kashindye alikaa chini, kwenye mavi ya kuku, bila kujali. "Siku zote nne mlikuwa hapa saa moja?"

"Saa moja na chai."

"Awuor alikuja siku ngapi?"

Mzee Chenge akakumbuka kwamba ana dumu la kubeba.

"Hakuja, mama," alisema bibi. "Hakuja hata moja."

"Na Jumapili nilikuuliza."

"Uliuliza. Ningesema hakuja, ungeuliza nimejuaje. Nimejuaje kama sikupanda? Na ulisema nisiguse." Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Nikaona mambo ya vijana yatajipanga yenyewe. Nilikuwa naficha rangi ya kucha, Kashindye. Sikujua nafichia watu mengine."

Huyo naye. Kashindye alihisi kicheko na kilio vinagombania mlango mmoja, akavinyima vyote viwili ruhusa. Kulikuwa na kazi. Alipandisha beseni juu ya jabali, akaliweka palepale, kijiwe upande wa chini, ufa wa ukingo ukitazama ziwa kama ulivyotazama siku ile. Maana beseni likikaa tofauti, maji yanagusa alama tofauti. Akamimina maji kwa silinda mpaka yakabusu kitone kimoja. Akaandika. Akaongeza mpaka vitone viwili. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho Awuor asingeweza kukitunga: vitone viwili vilikuwa juu ya kitone kimoja. Alhamisi maji yalikuwa mengi kuliko Jumatano. Mvua ilikuwa imeandikwa.

*

Jumatano saa nne waliingia maabara watu watatu na vyombo sita. Mzee Chenge alivaa koti. Bibi Minza alivaa viatu vya kufunika vidole. Awuor aliitwa, akaja, alipoona beseni akadhani limeletwa kuonyeshwa tu. Kisha akaona vitone.

Mwalimu Okech alisoma karatasi mpya kimya, kalamu inagonga meza. Beseni la juani: Jumanne elfu mbili mia nne themanini. Jumatano takriban elfu moja mia tisa tisini. Alhamisi takriban elfu mbili mia nane arobaini. Ijumaa takriban elfu mbili mia tatu thelathini. Jumamosi takriban elfu moja mia nane arobaini.

"Namba hizi zina aibu," alisema. "Zinasema takriban. Zile za kwanza hazikuwa na aibu hata kidogo." Alichukua rula, akapima mdomo wa beseni, kisha wa ndoo. "Madam, milimita nane?"

"Nane."

Alipiga hesabu ubaoni ili wote waone. Mdomo wa beseni, sentimita arobaini kutoka ukingo hadi ukingo, ukipokea mvua ya milimita nane, unakusanya kama lita moja. Ndoo, sentimita ishirini, inapata robo lita tu. Dumu, mfuniko wa soda. Vitone vilisema beseni liliongezeka mia nane na hamsini na ndoo mia moja na tisini.

"Kwa hiyo siku ile ya mawingu beseni lilipoteza mia na hamsini, na ndoo sitini," alisema. "Kidogo. Inavyotakiwa. Na kivulini, ambako mvua haikufika, hakuna kilichoongezeka. Chombo cha mdomo mpana kinapokea sana na kinapoteza sana." Aliweka chaki chini. "Hizi hazikutungwa. Mtu akitaka kutunga mvua ya milimita nane kwenye maumbo matatu, basi anajua Fizikia, nimpe kiti nimwombe msamaha."

"Bibi yangu," Madam Evelina alimgeukia Bibi Minza, "mjukuu wako alikuagiza umpimie maji?"

"Aliniagiza nisiguse," alisema Bibi Minza. "Nikagusa."

"Na huyu binti ulimwona wiki ile?"

Bibi Minza alimtazama Awuor, mtoto aliyekula kwake na kumchekesha.

"Nilimpikia kiazi Jumatano," alisema. "Nilidhani atakuja. Mzee Chenge ndiye aliyekila."

"Kilikuwa kizuri," alisema Mzee Chenge.

Awuor hakulia wala kubisha. Alisema tu, "Ni mimi, mwalimu," kwa sauti ileile ya adabu aliyotumia jana yake, na Kashindye ndipo akajua kwamba sauti ile haikuwa na uhusiano wowote na ukweli; ilikuwa sauti yake tu.

Mwalimu Okech alimwandika Awuor kwenye Historia, na Kashindye kwenye kiti cha ishirini na tisa, karibu na sinki.

"Rudia ripoti," alimwambia. "Weka namba za kweli, na kila namba useme nani aliipima. Huo ndio utaratibu."

Walipotoka, Awuor alimsubiri kwenye kona ya varanda.

"Jina langu utalitoa kwenye jalada?" aliuliza.

Kashindye alitaka kusema ndiyo. Alikuwa na hasira sasa, ya kwanza katika maisha yake ya dawati, nayo ilimkaa vibaya kama kiatu kipya. Akapita bila kujibu.

Jioni, juu ya jabali, aliandika ripoti upya. Alipofika mahali pa kutaja wapimaji, kalamu ilisimama. Jumanne asubuhi walichuchumaa wawili. Awuor alisoma silinda, na alisoma sawasawa: elfu mbili mia nne themanini. Hiyo haikutungwa. Walicheka kweli. Kuifuta ingekuwa kutunga.

Mwalimu Okech alisoma ripoti hiyo mbele ya darasa wiki iliyofuata, kuwaonyesha jinsi inavyoandikwa. Alipofika mstari wa wapimaji, darasa zima liliangua kicheko, na dirishani, kati ya wanafunzi wa Historia waliokuwa wanapita kwenda darasani kwao, mmoja alipunguza mwendo.

Jumanne, ulisema mstari huo, kwa mwandiko mzuri kuliko wote: Kashindye na Awuor. Jumatano mpaka Jumamosi: Bibi Minza na Mzee Chenge.